Shuka, kopo la zege na bomba la maji: studio ya simu katika chumba cha futi kumi

Simu nyingi zinazouzwa leo hutoa video nzuri mchana, nje, penye kivuli. Iingize simu hiyohiyo chumbani saa mbili usiku, chini ya balbu moja ya darini, na mambo yanabadilika: picha imejaa chenga, macho ya anayezungumza yamezama gizani, na kila mkono unaposogea unaacha ukungu nyuma yake. Tatizo si simu kuwa ya bei rahisi. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya simu kina ukubwa wa ukucha tu, na mwanga ukiwa haba, simu ina njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila fremu, na chochote kinachosogea katika muda huo kinaburuzika. Ya pili ni kuikuza ishara dhaifu iliyopatikana, yaani kupandisha namba ya ISO, na chenga zinakuzwa pamoja nayo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea mpangilio wa matumizi yao. Wanaona video inatikisika, wanakimbilia kununua stabilaiza. Lakini programu ya simu inayotuliza picha hufanya kazi ya kuzisogeza fremu ili zilingane; haiwezi kufuta ukungu ulioingia ndani ya fremu moja. Ukiwasha utulivu huo gizani utaona picha imesimama mahali pake huku ikififia na kung'aa kwa mishtuko. Kwa hiyo kazi inaanza na taa, inafuata stendi, na kifaa cha kutembea nacho ni cha mwisho.

Tumchukue mshonaji anayetaka kurekodi masomo ya kukata na kushona kola ya shati, usiku baada ya wateja kuondoka. Chumba chake ni cha futi 10 kwa 10, yaani takriban mita 3 kwa 3. Ana cherehani, shuka jeupe kuukuu, na duka la vifaa vya ujenzi jirani. Namchagua yeye kwa sababu kazi ngumu kuliko zote katika boksi la mwanga ni kukata na kuunga kitambaa, na hiyo anaijua kuliko wapiga picha wengi.

Mwanga huwa laini kwa sababu moja tu: chanzo chake ni kikubwa kinapotazamwa kutoka pale alipo anayepigwa picha. Balbu tupu ni ndogo, kwa hiyo miale yake inamfikia mtu kutoka sehemu moja, na pua inaweka usoni kivuli chenye ukingo mkali. Ukiweka mbele yake kitambaa cheupe cha sentimita 80 kwa 80, kitambaa chote kinakuwa ndiyo taa. Mwanga unaotoka upande wake wa kushoto unakijaza kivuli kilichoachwa na ule wa kulia, na ukingo unayeyuka. Ila boksi hilohilo likisogezwa mita tatu nyuma, linakuwa dogo machoni pa mtu, na ulaini unapotea. Kanuni ninayoiamini ni kuliweka boksi katika umbali usiozidi ulalo wake, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Boksi la sentimita 80 kwa 80 lina ulalo wa sentimita 113, kwa hiyo likae kama mita moja kutoka usoni. Ukaribu huo una faida nyingine kubwa: umbali ukiongezeka mara mbili, kutoka mita moja hadi mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Anayelalamika kwamba taa yake haina nguvu mara nyingi ameiweka mbali tu.

Fremu ya mbele inatengenezwa kwa bomba la PVC la nusu inchi: vipande vinne vya sentimita 80 na elbo nne. Nyuma kunakaa kipande cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 30, chenye holda nne za balbu. Kati ya kona za plaiwudi na kona za fremu zinapita fito nne, za mbao au mianzi, kila moja takriban sentimita 57, na zikifungwa vizuri zinaacha sentimita 45 kati ya plaiwudi na kitambaa cha mbele. Kina hicho ndicho kinachoamua kama boksi litafaa. Balbu zikikaribia mno kitambaa, katikati kunatokea duara linalowaka huku pembeni kumepooza, na hapo taa yako ya kweli ni lile duara dogo. Kitambaa kilichobaki ni pambo.

Kuta za boksi ni pande nne zinazofanana. Kila pande lina sentimita 80 upande wa chini, sentimita 30 upande wa juu, na urefu wa kwenda juu wa sentimita 51 na nusu. Ongeza sentimita mbili kila upande kwa ajili ya mshono. Mshonaji aliyezoea kukata pande za sketi atazimaliza haraka. Kitambaa cha nje kiwe kizito na cheusi ili mwanga usivuje, na bitana ya ndani iwe nyeupe. Wapo wanaobandika foili ya jikoni badala ya bitana, na ni kweli inarudisha mwanga mwingi zaidi, lakini inarudisha kwa mabakamabaka. Tena foili inapitisha umeme, na sipendi kuiona karibu na holda zenye waya. Bitana nyeupe inatosha.

Kitambaa cha mbele ndicho shuka lenyewe. Liwe la pamba, jeupe kabisa, lisilo na maua. Marikani isiyopaushwa inaonekana nyeupe dukani, lakini taa ikipita ndani yake inageuka manjano, na uso wa mtu unageuka nayo. Shuka lishikizwe kwa velkro kuzunguka fremu, kwa sababu litahitaji kufuliwa na kwa sababu huenda ukataka kuongeza la pili. Tabaka moja linakula karibu nusu ya mwanga, wakati mwingine zaidi, ndiyo maana nimesema balbu nne na si moja. Ili kujua kama mwanga umesambaa, washa taa, lielekezee shuka simu, kisha punguza mwanga kwenye skrini mpaka shuka lionekane la kijivu. Duara la katikati ambalo macho hayakuliona litajitokeza lenyewe. Likiwepo, tundika kipande cha pili cha shuka, cha sentimita 40 kwa 40, ndani ya boksi katikati ya balbu na kitambaa cha mbele.

Balbu ziwe za LED, wati 12 kila moja, zote nne za aina moja na zilizonunuliwa siku moja. Balbu za zamani za waya na zile za halojeni zisiingie humu: joto lake linatosha kuunguza kitambaa. LED nazo zina joto, hasa shingoni karibu na holda, kwa hiyo acha mwanya wa sentimita tano juu na chini ya plaiwudi ili hewa ipite, na baada ya nusu saa ya kwanza gusa bitana kwa mkono. Ikiwa ya moto badala ya vuguvugu, panua mwanya. Kuunga waya za holda nne na swichi ni kazi ya fundi umeme. Mwambie afunge waya kwenye plaiwudi kabla haujafika kwenye holda, ili mtu akijikwaa asing'oe miunganisho. Kwenye paketi tafuta namba ya Kelvini: 6500K ni nyeupe inayoelekea samawati, 3000K ni ya manjano. Zote zinafaa, mradi usizichanganye, na taa ya darini izimwe wakati wa kurekodi. Simu inaweza kusahihisha rangi moja ya mwanga; rangi mbili kwa pamoja haiwezi.

Kuna hitilafu moja inayowatesa wanaorekodi kwa balbu za nyumbani, na wengi hudhani simu imeharibika. Michirizi myeusi inapanda au kushuka taratibu kwenye video. Umeme wetu wa Tanzania na Kenya ni wa herzi 50, na balbu duni ya LED inafifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini simu inaisoma picha mstari baada ya mstari, na mistari iliyosomwa wakati taa imefifia inatoka myeusi. Dawa ya kwanza ni kuchagua balbu. Wauzaji wengi wana holda ya kujaribia pale kaunta. Balbu ikiwashwa, ifungulie simu yako kwenye hali ya video ya mwendo wa polepole. Isiyofaa itapepesa waziwazi, inayofaa itatulia. Dawa ya pili iko kwenye simu zinazoruhusu kupanga shata kwa mkono: weka 1/50 au 1/100, ili kila fremu ibebe idadi kamili ya mapigo ya taa. Kwenye iPhone, ukiwasha Show PAL Formats ndani ya mipangilio ya kurekodi video, unapata pia fremu 25 kwa sekunde, ambazo zinaendana na umeme wetu kuliko zile 30.

Sasa boksi litundikwe. Katika chumba kidogo naona ni bora kulining'iniza kwa kamba mbili kutoka kwenye boriti au misumari ya ukutani kuliko kulitafutia stendi, kwa sababu linaelemea mbele na sakafu haina nafasi. Liwe upande mmoja wa mshonaji, si mbele yake kabisa, juu kidogo ya macho, likiinama kumtazama. Upande wa pili weka manila nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye shavu lenye kivuli. Kuta zetu nyingi zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani au buluu hadi kifuani, na rangi hiyo hurudi usoni, manila inaikinga.

Kwa ngozi nyeusi boksi kubwa lina kazi ya ziada ambayo vitabu vingi vya upigaji picha havikuipa nafasi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo la uso kwa mng'ao wake zaidi kuliko kwa weupe wa sehemu iliyomulikwa. Balbu tupu inaacha vidoa vidogo vikali kwenye paji na ncha ya pua, na mtu anaonekana ametoka jasho. Shuka la sentimita 80 linaacha mng'ao mpana unaoteremka kutoka kwenye paji hadi kwenye mfupa wa shavu, na sura inajengeka. Kosa linalobaki ni la simu yenyewe: ukuta mweupe ukiwa nyuma, simu hupima ukuta na kuufanya uso uwe giza. Bonyeza uso kwenye skrini na ushikilie mpaka kipimo kifungike (kwenye iPhone utasoma AE/AF LOCK), kisha msogeze mtu mbali na ukuta, hata kwa mita moja na nusu. Mwanga wa boksi unapungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo ukuta utatulia wenyewe.

Stendi haihitaji maelezo marefu kiasi hicho. Tripodi ya miguu mitatu ina sifa moja isiyopingika: nukta tatu hugusa ardhi daima, hata penye mabonde, wakati mguu wa nne ungebaki hewani. Ukienda kurekodi nje, fito tatu za mbao zilizofungwa juu kwa bolti na kuzuiwa chini kwa kamba zisitanuke zitakutosha, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ikining'inizwa katikati itaongeza kilo moja na nusu dhidi ya upepo. Ndani ya chumba, hata hivyo, napendelea kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege, katikati yake umesimikwa mti wa mbao wa inchi mbili kwa mbili wenye urefu wa mita moja na nusu. Changanya saruji kopo moja, mchanga makopo mawili na kokoto ndogo makopo matatu, simamisha mti kwa pimamaji, na uache wiki moja. Linakuwa na uzito wa karibu kilo 9, na uzito huo ndio unaoruhusu kitu ambacho tripodi nyepesi haiwezi: mkono wa ubao wa sentimita 60 unaotoka pembeni, ukiishika simu juu ya meza ikitazama chini. Somo la kukata kola lote liko mikononi, na mikono huonekana vizuri kutoka juu.

Chini ya kopo bandika vipande vitatu vya kandambili chakavu. Vitatu, kwa sababu ileile ya miguu mitatu, na mpira unanyonya mtetemo wa cherehani unaopita sakafuni. Usiifunge simu kwenye meza ya cherehani yenyewe kwa namna yoyote.

Kishikio cha simu nunua tu. Ni kitu kidogo cha plastiki na hakuna haja ya kujisumbua kukitengeneza. Chini yake kina tundu la skrubu, na kipimo chake ni kilekile kwenye karibu kila kamera na tripodi ndogo: robo inchi, meno 20 kwa inchi. Dukani ukiomba bolti nyembamba unaweza kupewa ya milimita 6, ambayo kwa macho haina tofauti. Itaingia mizunguko miwili kisha itakaza. Hapo acha, ukiilazimisha kwa spana inakata meno ya kishikio. Bolti sahihi huingia kwa vidole mpaka mwisho.

Kifaa cha mwisho ni cha kutembea nacho, kwa mfano mshonaji anapotaka kuonyesha duka lake kutoka mlangoni hadi kwenye nguo zilizotundikwa. Kwanza tuelewe kinachoiharibu picha. Simu ikigeuka nyuzi moja tu, picha yenye upana wa pikseli 1920 inaruka karibu pikseli 30. Simu hiyohiyo ikisogea sentimita moja kando bila kugeuka, huku kinachorekodiwa kiko mita tatu mbele, picha inasogea pikseli 5 hivi. Adui ni kugeuka, na kila unachokijenga kiwe cha kuzuia kugeuka.

Mmarekani Garrett Brown aliliona hilo miaka ya 1970 alipobuni Steadicam, iliyotumika katika filamu ya *Bound for Glory* na ile ya *Rocky*, zote za mwaka 1976. Alitenganisha uzito wa mtambo: kamera juu ya mti, betri na skrini mbali chini yake. Kitu ambacho uzito wake umetawanyika ni kigumu kukigeuza. Uzito uleule ukiusogeza mara mbili zaidi kutoka katikati, ugumu wa kuugeuza unaongezeka mara nne. Aliyewahi kubeba ndoo mbili kwa mzegazega anaijua hali hii mabegani mwake: kwenda mbele ni rahisi, kukata kona kunahitaji kusubiri mzigo ukubali.

Kwa simu, bomba la nusu inchi na tii moja vinatosha. Pande mbili za tii zichukue vipande vya sentimita 25 kila kimoja, viwe mikono ya kushoto na kulia, na mdomo wa tatu utazame chini ukiwa na kipande cha sentimita 25 au 30. Juu ya tii toboa tundu, pitisha bolti ya robo inchi kutoka ndani, na ufunge kishikio. Ncha za mikono zijazwe mchanga mkavu ulioshindiliwa na kuzibwa kwa vifuniko vya bomba. Mti wa chini ubebe washa na nati zenye uzito wa simu na kishikio kwa pamoja, kwenye simu nyingi kama gramu 250. Usitumie chupa ya maji isiyojaa, maana maji yanacheza ndani na picha inacheza nayo. Mikono miwili ikiwa mbali hivyo, kosa la nusu sentimita la mkono mmoja linaigeuza simu kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Ungekuwa umeishika simu yenyewe, ambayo ina urefu wa sentimita 16 hivi, kosa hilohilo lingeigeuza karibu nyuzi mbili. Mti wa chini nao unaizuia simu kuinama na kuinuka, kazi ambayo mikono ya pembeni haiwezi.

Uzito wa chini ukizidi, utaona dalili moja: kila unapoanza kutembea au kusimama, picha inainama na kurudi kwa kubembea. Punguza nati moja moja mpaka kubembea kuishe. Picha ikilalia upande mmoja, mchanga wa ncha moja ni mzito kuliko wa nyingine. Shika kwa vidole, si kwa ngumi, viwiko vikiwa karibu na mbavu, magoti yamelegea, kisigino kikitangulia ardhini.

Kuna kitu kimoja ambacho kifaa hiki hakitakifanya, na hata gimbo ya mota tatu haikifanyi: kuondoa kupanda na kushuka kwa mwili mzima kwa kila hatua. Kupanda huko kunaonekana zaidi vitu vikiwa karibu na kamera, kwa hiyo pita mbali na meza na milango, tumia lenzi pana na usikuze picha. Panapobidi, rekodi kwa fremu 50 kwa sekunde kisha uionyeshe kwa 25. Kila hatua inakuwa na mwendo wa nusu na jicho linaisamehe. Shata hapo iwe 1/100, ambayo haigombani na taa, lakini inapokea nusu ya mwanga wa 1/50. Lisogeze boksi karibu na nguo zilizotundikwa kabla hujaanza kutembea.